Zamu ya saa 7:00: ni asubuhi au mchana?

Katika hoteli moja ya mjini Sumbawanga, wahudumu wa usafi wa vyumba ni tisa na lugha za nyumbani ni sita. Wanne ni Wafipa. Mmoja ametoka upande wa Matai na nyumbani huzungumza Kimambwe, mwingine ni Mlungu wa Kasanga, ziwani Tanganyika, na mwingine ni Mnyamwanga wa upande wa Tunduma. Yupo dada wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Ziwa Rukwa na ng'ombe wao, na yupo kijana aliyezaliwa Mbala, Zambia, anayezungumza Kibemba na aliyesoma kwa Kiingereza. Kinachowakutanisha ni Kiswahili, ingawa kwa wengi wao ni lugha ya pili.

Karatasi za kazi, hata hivyo, zilikuwa za Kiingereza. Mwenye hoteli alizipata kutoka hoteli kubwa ya mji mwingine, akazichapisha na kuzibandika kwenye mlango wa stoo ya mashuka. Kwa miezi kadhaa msimamizi wa usafi, mama wa watoto watatu, alikuwa akizieleza kwa mdomo kila asubuhi. Siku asipokuwepo, kila mtu alifanya alivyokumbuka. Akaamua kuzitafsiri. Jioni, baada ya chakula, alikaa mezani na binti yake wa kidato cha pili. Mama anaijua kazi na binti anajua Kiingereza cha shule. Kwa siku tatu walimaliza ratiba ya zamu, orodha ya kusafisha chumba na maelekezo ya dawa za usafi.

Kila neno lilikuwa limegeuzwa kuwa Kiswahili. Tatizo lilianza Jumatatu.

Zamu mbili zilizobadilishana

Ratiba ya Kiingereza ilikuwa na mistari miwili. Zamu A ilianza 7:00 na kuisha 3:00, na Zamu B ilianza 1:00 na kuisha 9:00. Binti aliandika hivi: "Zamu A: saa 7:00 hadi saa 3:00. Zamu B: saa 1:00 hadi saa 9:00." Tarakimu hazikuguswa, kwa sababu tarakimu hazina lugha. Ndivyo watu wengi wanavyodhani.

Kumbe tarakimu za saa zina lugha. Kiingereza huanza kuhesabu saa usiku wa manane na adhuhuri. Kiswahili huanza jua linapochomoza na linapotua. Tofauti ni saa sita kamili. Aliyepangiwa Zamu A akasoma saa saba hadi saa tatu, yaani kutoka mchana hadi usiku. Aliyepangiwa Zamu B akasoma saa moja hadi saa tisa, yaani kutoka asubuhi hadi alasiri. Kwa maneno mengine, Zamu A ikisomwa kwa Kiswahili inakuwa Zamu B, na Zamu B inakuwa Zamu A. Kila zamu inabaki na saa nane zilezile na kila moja inaonekana ni ya kawaida kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Kama ratiba ingemtaka mtu afike saa tisa usiku kutandika vitanda, angepiga simu.

Jumatatu saa moja asubuhi watu wa Zamu B wote walikuwa mlangoni. Wa Zamu A alifika mmoja tu, yule kijana wa Mbala, kwa kuwa yeye alizisoma tarakimu kama alivyofundishwa shuleni. Mmoja wa waliofika alikuwa na mtoto wa miezi kumi mgongoni. Msimamizi alimpangia zamu ya mchana makusudi, kwa sababu mama mkwe wake hurudi kutoka sokoni karibu saa sita na ndiye anayebaki na mtoto. "Shikamoo mama," alisema kwa aibu. "Nimekosa wa kumwachia, ndiyo maana nimekuja naye." Msimamizi hakuelewa mpaka alipoisoma karatasi yake mwenyewe kwa sauti.

Upande wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mama mmoja wa Zamu A anaishi peke yake na watoto wawili, mbali na katikati ya mji. Alikuwa ameomba kazi ya asubuhi, kwa sababu usiku hana wa kukaa na watoto. Aliposoma kuwa ataanza saa saba na kutoka saa tatu usiku, aliamini ombi lake limekataliwa. Jumapili nzima alizunguka kwa majirani akitafuta binti wa kulala nyumbani kwake. Hakulalamika kazini, akihofia kuonekana msumbufu. Saa saba mchana alifika akiwa ameshalipa mtu, kwa zamu ambayo haikuwa yake.

Ratiba ikaandikwa upya siku ileile, na sasa inasomeka hivi:

"Zamu A: kuanzia saa moja asubuhi (07:00) mpaka saa tisa alasiri (15:00).
Zamu B: kuanzia saa saba mchana (13:00) mpaka saa tatu usiku (21:00)."

Saa ya Kiswahili imeandikwa kwa maneno, na kila mara imefuatwa na sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Tarakimu zimebaki kwenye mabano kwa ajili ya saa ya simu tu, na zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24 ili 13:00 isichanganywe na 01:00. Neno "saa" haliwekwi mbele ya tarakimu za simu hata mara moja. Kijana wa Mbala anaangalia mabano, mama wa Kifipa anasoma maneno, na wote wawili wanafika wakati mmoja.

Usiku wa Jumapili ni upi?

Wiki ya pili likazuka jambo la siku. Hoteli huweka mtu mmoja wa usafi usiku, hasa wafanyabiashara wa mahindi wanapojaa na mabasi ya mbali yanapoingia wakati wowote. Ratiba ilisema "Zamu ya usiku: Jumapili". Msimamizi alimaanisha Jumapili baada ya jua kutua. Mhudumu aliyepangiwa, mama wa makamo, alifika Jumamosi usiku.

Hakukosea. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia mchana wa Jumapili. Wapo wazee wanaohesabu hivyo hadi leo, na vijana wengi hawahesabu hivyo. Magazeti hukwepa utata huu kwa kuandika "usiku wa kuamkia Jumapili". Kwenye ratiba ya kazi, salama zaidi ni kutaja ncha zote mbili: "Jumamosi saa tatu usiku (21:00) mpaka Jumapili saa kumi na moja alfajiri (05:00)." Sentensi ni ndefu kidogo, lakini haina usiku wa kubishania.

Saa za usiku zikiandikwa wazi zinagusa pia mfuko wa mzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kuwa kazi ya usiku ni ile inayofanyika baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kila saa ya muda huo, mwajiri anatakiwa kuongeza angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Tuchukulie mshahara wa msingi ukigawanywa kwa saa unatoka shilingi 1,000. Zamu ya kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ina saa nane, na zote ni za usiku. Nyongeza ni shilingi 50 mara nane, yaani 400 kwa usiku mmoja. Ni fedha kidogo, ila kwa mwezi zinanunua sukari na sabuni, na anayesoma ratiba vizuri anaweza kuzihesabu mwenyewe.

Sheria hiyohiyo inamlinda mama mjamzito asipangiwe usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na vilevile miezi miwili baada ya kujifungua. Cheti cha daktari kinaweza kuongeza muda huo. Ratiba isiyosema wazi usiku unaanza lini humfanya mama huyo ashindwe kujua hata kama amepangiwa kinyume cha sheria.

Neno moja, kazi mbili

Orodha ya chumba ilileta malalamiko ya aina nyingine. Mgeni aliyekuwa akienda kutazama maporomoko ya Kalambo alirudi jioni akakuta taulo alizotumia asubuhi zimekunjwa vizuri na kurudishwa kwenye kigingi. Zilikuwa bado na unyevu. Alilalamika mapokezi, na mhudumu akaitwa kujieleza. Alichofanya kilikuwa kilekile kilichoandikwa: "Rudisha taulo."

Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika pale kina maana mbili. Kinaweza kuwa kurudisha kitu mahali pake, na kinaweza kuwa kukiondoa na kuweka kingine. Binti alichagua maana aliyoizoea darasani. Mama, ambaye angejua mara moja kuwa hotelini maana yake ni kubadilisha, hakukiona Kiingereza chake, aliona Kiswahili kilichonyooka tu. Hapo ndipo ulipo mpaka wa msaada wa mtoto. Anaweza kusoma maneno, lakini hajawahi kuingia kwenye chumba ambacho mgeni ametoka. Tangu siku ile wanafanya kazi kwa utaratibu mwingine. Binti anasoma sentensi na kutaja maana zote anazoziona, mama anaeleza kinachofanyika chumbani, ndipo wanaandika.

Neno la "safisha" nalo lilikuwa limetumika mara kumi na moja katika ukurasa mmoja. Kwa Kiingereza lilikuwa neno moja, lakini mikono hufanya kazi tofauti. Meza hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kabati hufutwa vumbi, sakafu hufagiwa kisha hupigwa deki, sinki husuguliwa, bilauri huoshwa na kusuuzwa, na zulia la kando ya kitanda hukung'utwa nje. Ukiandika "safisha" kila mahali, mhudumu mgeni hutumia kitambaa kimoja kwa yote, na kitambaa kilichopita chooni hakitakiwi kufika kwenye bilauri. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Kazi ilikuwa kuviweka mahali pake.

Kwa upande mwingine, maneno ya kamusi hayakusaidia kila mara. Mahali palipotajwa tandiko nene la kujifunika, binti aliandika "mfarishi" kama kamusi ilivyosema. Wahudumu wakatazamana. Hotelini pale kila mtu huliita blanketi zito, na katika baridi ya Juni na Julai hapa Ufipa hakuna asiyelijua. Likaandikwa blanketi zito. "Foronya" ikabaki foronya, kwa sababu wote tisa walipoulizwa waligusa kitu kimoja.

Vyumba navyo vilipaswa kutengwa. Karatasi ya mapokezi hutumia herufi za kompyuta: VD kwa chumba kitupu ambacho hakijasafishwa, VC kwa kitupu kilicho safi, OCC kwa chenye mgeni. Herufi hizo ziliachwa kama zilivyo, maana ndizo zinazoonekana kwenye skrini, na kando yake yakaandikwa maneno: "mgeni ameondoka, bado kichafu", "kisafi, kinasubiri mgeni", "mgeni bado yupo". Kwenye OCC ukaongezwa mstari mmoja ambao haukuwepo katika Kiingereza: "Vitu vya mgeni visihamishwe wala kutupwa, hata karatasi iliyo mezani." Zamani hilo lilikuwa likielezwa kwa mdomo tu.

Alama ya vema inasema nini?

Orodha ya kwanza iliandikwa kwa amri: fungua dirisha, toa takataka, vua mashuka. Mama mmoja mwenye wajukuu aliisoma akacheka. "Mwanangu, haya mambo tunaambiwa na nani?" Kwa Kiswahili, amri fupi kwa mtu mzima huonekana kama kumtuma mtoto. Lakini palikuwa na kasoro kubwa kuliko adabu. Mtu akiweka alama ya vema mbele ya "fungua dirisha", haijulikani kama amefungua au amesoma tu.

Wakageuza kila mstari uwe hali iliyokamilika. "Dirisha limefunguliwa." "Takataka zimetolewa." "Mashuka yaliyotumika yameondolewa yote, hata kama yanaonekana masafi." "Vumbi limefutwa kuanzia juu kwenda chini." "Sakafu imepigwa deki kuanzia ndani kuja mlangoni." Alama mbele ya sentensi kama hiyo ina maana moja tu, na asiyefanya anaona mwenyewe kuwa anataka kuandika uongo. Hakuna aliyeamriwa. Msimamizi anayekagua anatumia karatasi ileile, anaangalia kama sentensi ni kweli.

Hapo pia wakafuta maneno "inapobidi". Orodha ya Kiingereza ilisema sabuni ibadilishwe inapobidi. Inabidi lini? Mhudumu mmoja aliiacha mpaka iishe, mwingine aliitupa ikiwa imetumika mara moja. Sasa imeandikwa: "Mgeni ameondoka: sabuni mpya imewekwa. Mgeni bado yupo: sabuni mpya imewekwa kama iliyopo imebaki nusu au chini ya nusu."

Maelekezo yanayoweza kuumiza

Karatasi ya dawa za usafi ndiyo ilikuwa ya hatari. Ilikuwa na mistari miwili mifupi. Wa kwanza ulisema "Jiki 1:10". Mhudumu mmoja aliuelewa kuwa jiki itumike saa moja na dakika kumi. Si kichekesho, kwani kwenye ratiba iliyo pembeni yake alama hiyohiyo ya nukta mbili ilionyesha saa. Mstari huo sasa unasema: "Kikombe kimoja cha jiki, vikombe kumi vya maji, kwa kikombe kilekile." Kikombe chenyewe, cha plastiki na chenye alama nyekundu, kinaning'inia kwenye ndoo na hakinywewi maji.

Mstari wa pili ulisema "Usichanganye jiki". Aliyeandika Kiingereza alitaka kuonya kwamba jiki isikutane na dawa nyingine. Lakini kwa Kiswahili cha kila siku, kuchanganya dawa ni kuitia maji. Ukiisoma hivyo, onyo linamwambia mhudumu aimwage jiki kali moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Wakati huohuo halimwambii lile analopaswa kuogopa.

La kuogopa ni hili. Dawa nyingi za kung'arisha choo zina asidi. Asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na koo na inaweza kuharibu mapafu. Mtu huijua kwa harufu kali ya kukaba, macho kutokwa machozi na kikohozi cha ghafla. Sumbawanga mambo huwa mabaya zaidi wakati wa baridi, kwa sababu bafu ni dogo na dirisha limefungwa. Maandishi mapya yanasema: "Jiki huchanganywa na maji tu. Jiki na dawa ya choo hazitumiki katika bafu moja kwa wakati mmoja. Ukisikia harufu ya kukaba, toka nje mara moja, acha mlango wazi, mwite msimamizi. Usirudi kumalizia." Wazazi watambue kuwa chupa hizohizo mbili mara nyingi zinakaa pamoja chini ya sinki nyumbani, na binti wa kazi au mtoto aliyetumwa kusafisha choo huenda hajawahi kuambiwa.

Swali linaloonyesha kama karatasi imeeleweka

Mwanzoni msimamizi alikuwa akimaliza kusoma tangazo na kuuliza, "Mmeelewa?" Wote waliitika ndiyo. Mgeni wa lugha huitika ndiyo haraka zaidi kuliko wengine, kwa sababu hataki kuonekana mzito. Siku hizi anauliza mambo mawili tu, tena kwa mtu mmoja mmoja: "Kesho utafika wakati gani, jua likiwa wapi? Na ukiingia chumba chenye mgeni, utaanza na nini?" Jibu likitofautiana na karatasi, karatasi ndiyo inayorekebishwa kwanza. Kwa njia hiyo ratiba imeandikwa mara nne na orodha ya chumba mara sita.

Yapo ambayo maandishi hayawezi. Wahudumu wawili husoma kwa shida, na kwao tangazo husomwa kwa sauti na kutumwa kama ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, saa ikitajwa pamoja na sehemu ya siku. Na mabadiliko ya ghafla, mgeni akiongeza siku au basi likichelewa, bado huenda kwa simu.

Faida nyingine ilionekana nyumbani kwa wahudumu. Yule mama wa watoto wawili aliinakili ratiba mpya kwa mkono na kuibandika ukutani, juu ya ndoo ya maji. Mtoto wake mkubwa yuko darasa la tatu. Hajui kusoma 15:00, lakini anajua kusoma "saa tisa alasiri", na anajua kuwa wakati huo yeye na mdogo wake wameshatoka shule na wanatakiwa kusubiri kwa jirani, si barabarani.